Namba Zibaki Namba

Programu inayochambua maombi ya mkopo humaliza kazi yake kwa kutoa jibu la uamuzi: kifurushi kidogo cha taarifa katika muundo wa JSON, chenye uamuzi wenyewe, alama za mwombaji na kiasi cha fedha. Katika JSON, `95000` ni namba, lakini `"95000"` yenye alama za kunukuu ni maandishi. Kwa macho vinafanana, ila kompyuta huvitendea tofauti kabisa.

Tuseme mwombaji anataka shilingi 95,000 na kikomo ni 150,000. Vyote viwili vikiletwa kama maandishi, JavaScript huvilinganisha herufi kwa herufi kutoka kushoto, kama kamusi inavyopanga maneno. Kwa kuwa 9 hutangulia mbele ya 1 kwa ukubwa, 95,000 huonekana kupita kikomo, na ombi halali hukataliwa. Hakuna onyo lolote linalotokea, na ndiyo maana kosa hili huchelewa kugunduliwa. Mkato wa maelfu huongeza balaa: `parseFloat("95,000")` husoma hadi kwenye mkato, kisha hurudisha 95.

Namba halisi nazo zina mpaka wake. Kompyuta huhifadhi desimali kwa tarakimu za 0 na 1 tu, na katika mfumo huo 0.1 haina mwisho, kwa hiyo hukatwa. Mwombaji akipata 0.7 kwa historia ya malipo na 0.1 kwa akiba, jumla hutoka 0.7999999999999999. Kama alama ya kufaulu ni 0.8, ameanguka bila haki. Dawa ni kukadiria jumla kwa idadi ya desimali iliyokubaliwa kabla ya kulinganisha, au kutumia alama nzima kati ya 0 na 100. Alama zisipopatikana, huandikwa `null`. 0 ingemaanisha kwamba mtu alipimwa akakosa kila kitu.

Kwa fedha, njia salama ni kuhesabu kwa sehemu ndogo kabisa ya sarafu, kama namba nzima, na kutaja sarafu kando:

```json
{
  "uamuzi": "kubali",
  "alama": 82,
  "kiasi": 9500000,
  "sarafu": "TZS"
}
```

Hapa kiasi ni senti 9,500,000, yaani shilingi 95,000. Bila jina la sarafu namba hiyo haisomeki, kwa sababu kiwango cha ISO 4217 huipa shilingi ya Tanzania desimali 2, ya Uganda 0, na riali ya Omani 3. Kwa hiyo riali 12.500 huandikwa 12500, ambazo ni baisa, na shilingi 95,000 za Uganda hubaki 95000. Anayegawanya kila kiasi kwa 100 atampunguzia Mganda mkopo mara mia, na kumzidishia Mwomani mara kumi. Mikato na jina la shilingi huongezwa mwisho kabisa, wakati kiasi kinapoonyeshwa kwa msomaji.