Asilimia Mbili Inapogeuka Nne: Juu ya Riba na Marejesho ya Kila Mwezi

Suala la riba mara nyingi huzungumzwa kama suala la huruma: mkopeshaji huyu ni mwema, yule ni katili. Lakini kwanza ni suala la hesabu, na asiyeijua hesabu hiyo hunyonywa hata na mkopeshaji mwenye tabasamu. Mikopo ambayo wananchi wameipa jina la "kausha damu" haikaushi kwa ukubwa wa riba peke yake. Hukausha pia kwa namna riba inavyohesabiwa.

Tuchukue mfano wa Tosamaganga, mkoani Iringa. Mama lishe anayepika karibu na hospitali anakopa Sh. 1,200,000 kwa miezi 12, na anaambiwa riba ni asilimia 2 kwa mwezi. Karani anapiga hesabu: asilimia 2 ya mkopo ni Sh. 24,000; mara 12 ni Sh. 288,000, jumla ya deni ni Sh. 1,488,000, basi rejesho ni Sh. 124,000 kila mwezi. Kosa liko wapi?

Kila rejesho lina Sh. 100,000 za kupunguza deni na Sh. 24,000 za riba. Ufikapo mwezi wa 12, mama huyu amebakiwa na deni la Sh. 100,000 tu, lakini bado anatozwa Sh. 24,000, kana kwamba milioni nzima na laki mbili bado ziko mikononi mwake. Kwa laki hiyo ya mwisho, riba si asilimia 2 bali 24. Hii ndiyo riba isiyopungua.

Tutalipataje rejesho ambalo kweli ni la asilimia 2? Hapa hatuna budi kutambua kwamba wakati una bei. Ikiwa bei ya mwezi mmoja ni asilimia 2, basi senti 98 za leo zitazaa shilingi moja mwezi ujao. Kwa hiyo shilingi itakayolipwa mwezi ujao ina thamani ya senti 98 leo. Ya mwezi wa pili ina senti 96, kwa sababu riba nayo huzaa riba. Na ya mwezi wa 12 ina senti 79 hivi. Ahadi ya kulipa shilingi moja kila mwezi kwa miezi 12 haina thamani ya shilingi 12 leo, bali jumla ya senti hizo zote.

Hakuna haja ya kuzijumlisha moja moja. Zidisha mfululizo wote kwa 1.02: kila kiasi kinasogea nafasi moja mbele, cha kwanza kinakuwa shilingi kamili. Ukiutoa mfululizo wa awali, vya katikati vyote vinafutana, na inabaki kanuni hii:

```
(1 - 1/1.02^12) / 0.02 = 10.575
```

Gawa Sh. 1,200,000 kwa 10.575: rejesho ni Sh. 113,472 hivi, na riba ya mwaka mzima ni karibu Sh. 161,700, si Sh. 288,000. Tuhakikishe. Mwezi wa kwanza riba ni Sh. 24,000, hivyo deni linapungua kwa Sh. 89,472. Mwezi wa pili riba imeshuka hadi Sh. 22,211, na sehemu inayokula deni imeongezeka. Ukiendelea hivyo, mwezi wa 12 deni linakwisha.

Sasa tugeuze kanuni, tumuulize karani riba yake halisi. Gawa mkopo kwa rejesho lake: 1,200,000 kwa 124,000 ni 9.68. Ukijaribu viwango kimoja kimoja katika kanuni, kinachotoa jibu hilo ni karibu asilimia 3.5 kwa mwezi. Na kama ofisi ilikata Sh. 36,000 za "fomu" kabla ya kutoa fedha, mama alipokea Sh. 1,164,000 tu. Gawa tena: 9.39. Hiyo ni asilimia 4, mara mbili ya iliyoandikwa kwenye mkataba.

Lakini tusiipake kila riba rangi moja. Mkulima wa mahindi wa huko huko, anayekopa Novemba mvua zikianza na kulipa kwa mkupuo Julai baada ya mavuno, hadhuriki na riba isiyopungua. Fedha zote alikuwa nazo kwa miezi yote 8. Kwa hesabu ya karani atalipa Sh. 1,392,000, riba ikizaa riba, angelipa karibu Sh. 1,406,000. Madhara yanamwangukia yule anayelipa kila mwezi, maana anarudisha fedha huku akiendelea kuzilipia. Kumpa mkulima huyo mkopo wa marejesho ya kila mwezi ni balaa jingine: Januari hana cha kuuza, na atakopa kwingine ili alipe.

Kwa kada anayeombwa ushauri kijijini, tarakimu tatu zatosha kuanzia: fedha zilizopokelewa mkononi, kiasi cha rejesho, na idadi ya marejesho. Asilimia iliyotajwa na mkopeshaji haimo kati ya hizo tatu.