Mchezaji, Kocha na Refa Wasibeti: Shida Iko Wapi?

Vikundi vingi vya Migori na Homa Bay siku hizi vina timu ya vijana, na vingine huandaa mashindano ya mbuzi au ng'ombe. Vijana hao hao wana simu, na kwenye simu kuna kubeti. Wengine huuliza: kama mtu yeyote mzima anaruhusiwa kubeti, kwa nini mchezaji akatazwe na pesa ni zake?

Kanuni za maadili za FIFA haziachi nafasi ya mjadala. Mchezaji, kocha, refa na kiongozi wa mpira waliofungwa na kanuni hizo hawaruhusiwi kubeti mechi ya mpira, wao wenyewe au kupitia kwa mtu mwingine. Anayevunja anaweza kutozwa faini ya faranga 100,000 za Uswisi au zaidi, na kufungiwa hadi miaka 3. Kumpa shemeji pesa akubetie hakukuokoi. Ni kosa lile lile.

Odi ni bei

Ili kuelewa sababu, tuanze na odi. Odi ni bei kama bei ya mahindi sokoni, na hupangwa kulingana na yale ambayo watu wanayajua. Tuseme timu ya wageni imepewa odi ya 4.50. Maana yake, ukiweka bob 100 na wageni washinde, unalipwa 450. Kampuni imekadiria kwamba mechi kama hiyo ikichezwa mara 10, wageni watashinda kama mara 2. Mtu wa kawaida akiweka 100 mara zote 10, ametoa 1,000 na amepata 900. Ile 100 iliyobaki ni faida ya kampuni.

Sasa tuseme golikipa wa wenyeji ameumia vidole mazoezini Alhamisi jioni, na wanaojua ni kocha na wachezaji peke yao. Kwa kweli wageni sasa wana nafasi ya kushinda mara 4 kati ya 10, lakini odi bado ni 4.50 kwa sababu habari haijatoka. Mchezaji anayebeti wageni akiwa na siri kama hiyo, kila mara kwa bob 100, anatoa 1,000 na kupata 1,800. Hajatumia akili kuliko wengine. Ameuziwa kitu kwa bei ya jana huku yeye anajua bei ya kesho.

Ile 800 ya ziada inatoka kwa nani? Kwenye jakipoti ambapo pesa za watu wote huwekwa pamoja na kugawiwa washindi, inatoka moja kwa moja mikononi mwa waliobeti bila siri. Mahali ambapo kampuni ndiyo inalipa, kampuni haikubali kuumia kila wiki. Inashusha odi za ligi hiyo au inaacha kabisa kuitolea odi. Mwishowe mzigo unamrudia mtu wa kawaida.

Akina mama wa omena wanaelewa jambo hili bila kufundishwa. Mfanyabiashara akipiga simu hapa na pale na kugundua kwamba bei imepanda Kisumu, hiyo ni bidii yake. Lakini kama karani wa kamati ya ufuo ameambiwa kwa kazi yake kwamba kesho lori la mnunuzi linakuja, naye akanyamaza, akawanunulia wenzake madebe yote leo kwa bei ya chini, hapo ametumia kiti alichopewa na watu kuwaibia watu wale wale. Bidii ya kutafuta habari ni halali. Kosa ni kuuza habari uliyoaminiwa nayo.

Kesi ya Trippier

Kuna wanaofikiri kwamba ukikaa bila kubeti umemaliza. Kesi ya Kieran Trippier, beki wa Uingereza, inaonyesha vingine. Mwezi wa Julai 2019 alihama Tottenham kwenda Atletico Madrid. Kabla ya habari kutangazwa, marafiki zake walikuwa wamejua kutoka kwake, na wakabeti kwamba atahamia huko. Trippier mwenyewe hakuweka dau. Hata hivyo, Desemba 2020 chama cha mpira cha Uingereza kilimfungia wiki 10 na kumtoza faini ya pauni 70,000, kwa sababu alitoa habari ambayo umma haukuwa nayo, aliyoijua kwa nafasi yake, na ikatumika kubeti. Hapo hakuna mechi iliyouzwa wala bao lililoachiwa. Neno lenyewe ndilo lililokuwa kosa.

“Lakini mimi nabeti timu yangu ishinde”

Hoja hii ni maarufu sana, na inaonekana safi. Ubaya ni kwamba mchezaji anayebeti timu yake kila Jumapili, Jumapili asipobeti ametoa habari. Wenye macho wataona na watajua kuna kitu. Isitoshe, kubeti huleta deni. Kocha aliyeweka pesa kwenye mechi ya leo anaweza kumchezesha kijana mwenye goti bovu, ili mradi pesa irudi. Na mwenye deni huwa na mtu anayemdai, ambaye siku moja hatataka pesa tena, atataka penalti.

Njia hiyo imeshafika Kenya. Februari 2020 FIFA iliwafungia wachezaji watatu wa Kakamega Homeboyz miaka 4 kila mmoja kwa kushiriki njama ya kupanga matokeo ya mechi za ligi kuu ya Kenya mwaka 2019. Mtu mmoja kutoka Uganda aliyehusika alifungiwa maisha. Miaka 4 kwa mchezaji ni sehemu kubwa ya maisha yake ya mpira.

Hujulikanaje?

Alama ya kwanza ni odi kushuka ghafla kabla habari yoyote haijatoka. Ya pili ni pesa nyingi kuwekwa kwenye mechi ndogo ambayo kwa kawaida haina wateja. Ya tatu ni akaunti mpya kadhaa, zote za mji mmoja, kuweka dau lile lile. Hata hivyo, alama si ushahidi. Odi hushuka pia kwa sababu ya uvumi tu, na ndiyo maana wachunguzi hutafuta jumbe za simu na njia ya pesa kabla ya kumhukumu mtu.

Kwa timu za kijijini, mechi nyingi hazimo kwenye simu, lakini watu hubetiana pesa mkononi pembeni ya uwanja, na siri hufanya kazi ile ile. Kikundi kinachoandaa mashindano kinaweza kuandika katika kanuni zake mambo matatu. Mchezaji, kocha, refa na mwanakamati asiweke dau kwenye mashindano hayo, wala kupitia kwa mwingine. Habari za majeruhi na kikosi zitangazwe kwa wote kwa wakati mmoja, kwa mfano saa moja kabla ya mechi, kwani habari ikishajulikana na wote haina tena bei ya magendo. Na atakayefuatwa na mtu mwenye pesa amwambie mwenyekiti siku hiyo hiyo, hata kama alikataa. Kwa wachezaji walio chini ya FIFA, kunyamaza baada ya kufuatwa ni kosa pia.