Kujua kipeo chako bila kukijaribu

"Unabenchi kilo ngapi?" Hilo ndilo swali la kwanza kuulizwa kwenye jimu za mitaani, na wengi hulijibu kwa vitendo. Vijana wanaongeza vyuma, mmoja analala benchi, wenzake wanapiga kelele, chuma kinashuka hadi kifuani na hakipandi tena. Hapo ndipo misuli ya kifua huchanika na mabega kuteguka, na chuma kikiangukia shingoni kinaweza kuua.

Uzito mkubwa kabisa ambao mtu anaweza kuunyanyua mara moja tu kwa mtindo sahihi huitwa kipeo. Kukijua kuna faida, kwa sababu ratiba nyingi za mazoezi hupangwa kwa asilimia ya kipeo. Ukiambiwa upige seti tano kwa asilimia 75, sharti ujue ni asilimia 75 ya nini. Lakini kukijua hakudai ukinyanyue. Unachukua uzito mwepesi zaidi, unaunyanyua mara kadhaa hadi karibu na kushindwa, kisha unapiga hesabu.

Hesabu inayotumika sana ni ya Boyd Epley, kocha wa mazoezi ya nguvu katika Chuo Kikuu cha Nebraska, Marekani, aliyeitoa mwaka 1985. Zidisha uzito kwa idadi ya marudio, gawa kwa 30, kisha jumlisha na uzito wenyewe. Nyingine ni ya Matt Brzycki wa Chuo Kikuu cha Princeton, iliyochapishwa mwaka 1993. Yeye anasema toa marudio kutoka 37, gawa 36 kwa jibu hilo, kisha zidisha kwa uzito.

Tuseme kijana amebenchi kilo 60 mara tano, na la sita asingeliweza. Kwa Epley, 60 mara 5 ni 300, gawa kwa 30 unapata 10, jumlisha na 60, kipeo ni kilo 70. Kwa Brzycki, 37 toa 5 ni 32. 36 gawa kwa 32 ni 1.125, zidisha kwa 60 unapata kilo 67.5. Zimepishana kwa kilo mbili na nusu, yaani visahani viwili vidogo vya kilo moja na robo, kimoja kila upande. Kwa kupangia mazoezi tofauti hiyo haina madhara, na mimi ningemshauri achukue jibu dogo. Asilimia 75 ya 67.5 ni kama kilo 50, na huo ni uzito ambao atafanya nao kazi ya maana bila kuumia.

Sasa tuseme kijana huyohuyo hakupiga hesabu, bali aliwaambia wenzake kwamba anabenchi 90 akaanza kufuata ratiba kwa namba hiyo. Asilimia 75 ya 90 ni 67.5. Mwili wake utatakiwa kurudia seti baada ya seti uzito ambao kwa kweli anauweza mara moja tu.

Namba hizi huaminika pale tu marudio yanapokuwa machache. Mimi napenda kati ya matatu na sita. Zaidi ya kumi, ziache. Chukua mtu aliyebenchi kilo 40 mara 20. Epley atampa kilo 67 hivi, Brzycki atampa karibu 85. Kilo 18 zimetokea hewani! Sababu ni kwamba seti ndefu hupima ustahimilivu zaidi kuliko nguvu. Kinachomsimamisha mtu kwenye rudio la ishirini ni misuli kuwaka moto na pumzi kumwishia, na watu hutofautiana sana katika hilo. Mkimbiaji wa masafa marefu anaweza kupata marudio mengi kuliko mbeba magunia kila mmoja akinyanyua asilimia ileile ya kipeo chake, ingawa mbeba magunia ana kipeo kikubwa kuliko yeye. Kwenye marudio kumi, kanuni hizi mbili hutoa jibu moja kabisa. Usidhani hapo ndipo zinaposema kweli zaidi. Ni namba tu zimekutana.

Namna ya kuifanya ni hii. Pasha mwili kwa chuma kitupu, ambacho kwenye jimu nyingi ni kilo 20, marudio kumi. Panda hadi 40, marudio matano. Kisha 50, mawili au matatu. Pumzika dakika tatu au zaidi, halafu fanya seti yako ya kipimo kwa 60. Awepo mtu amesimama kichwani pako, mikono yake ikiwa tayari chini ya chuma bila kukigusa. Funga vidole gumba kukizunguka chuma ili kisiteleze. Kama uko peke yako na benchi halina vyuma vya pembeni vya kukinga mzigo, usifanye kipimo siku hiyo.

Kujua pa kusimama ndiyo kazi yenyewe. Tazama mwendo wa chuma. Marudio ya mwanzo hupanda kwa kasi moja, kisha linakuja moja linalopanda polepole, likikwama kidogo katikati ya njia. Hilo kwa kawaida ni la mwisho au linabaki moja tu nyuma yake, basi lihesabu na urudishe chuma mahali pake. Rudio ambalo makalio yameinuka kwenye benchi halihesabiwi. Chuma kilichodundishwa kifuani hakihesabiwi, wala lile ambalo mwenzako alilisaidia hata kwa vidole viwili. Ukihesabu hayo, tano linakuwa saba, na kanuni ya Epley itakupandishia kipeo toka 70 hadi 74.

Kuna kosa jingine ambalo huku kwetu ni la kawaida: uzito wenyewe haujulikani. Jimu nyingi za mitaani hutumia makopo ya rangi yaliyojazwa zege, au gia za magari zilizochomelewa kwenye bomba. Kopo linaloitwa "ishirini" linaweza kuwa 17 au 24, na la kushoto lisilingane na la kulia. Simama kwenye mizani ya kupimia watu ukiwa umelibeba, kisha toa uzito wako. Au lipeleke kwenye mizani ya duka la nafaka. Andika namba kwa rangi ubavuni.

Kipeo cha benchi hakikuambii chochote kuhusu skwati. Kila zoezi lipimwe peke yake. Hata usingizi mbaya, au mfungo wa Ramadhani ukipima alasiri, utashusha jibu. Rudia baada ya wiki sita hadi nane, katika hali ileile na saa ileile, ndipo utajua kama nguvu imeongezeka.

Anayeanza mazoezi asipime kabla mtindo wake haujatulia, na hilo huchukua wiki kadhaa. Mwenye shinikizo la damu au maradhi ya moyo amwone daktari kwanza, kwa sababu kubana pumzi wakati wa kusukuma hupandisha shinikizo kwa ghafla hata kama uzito si wa kipeo. Na wewe unayesimamia jimu ya mtaani, kijana akikuambia anataka kujaribu kilo 90 leo, mpe 60 kwanza, simama kichwani pake, na umhesabie.