Bafa Inapochoka Katikati ya Kipimo

Asetilikolini ni kemikali ambayo neva hutumia kupelekea misuli ujumbe. Ujumbe ukishafika, kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi huikata kuwa kolini na asidi asetiki, ile ile ya siki. Viuadudu vya jamii ya oganofosfati hukizuia kimeng'enya hiki, ndiyo maana kasi yake hupimwa katika damu ya wanaopulizia dawa mashambani. Tatizo ni kwamba kinapofanya kazi humwaga asidi, pH hushuka, na kasi yake hupungua. Mpimaji aweza kudhani ni sumu, kumbe ni bafa iliyochoka.

Bafa ni mchanganyiko wa asidi hafifu na besi yake. Besi hupokea protoni zinazomwagwa, ikageuka asidi. pH hufuata uwiano wa hizo mbili, na pKa ni pale zinapokuwa nusu kwa nusu.

Chukua molekuli 100 za bafa: besi 50, asidi 50. Zikiingia protoni 5, besi zinabaki 45 na asidi zinafika 55. pH imeshuka kwa 0.09 tu. Sasa anza pH moja chini ya pKa, ambapo besi ni 9 na asidi 91. Protoni 5 zile zile zinaacha besi 4, na pH inashuka kwa 0.38. Anza pH moja juu ya pKa, asidi zikiwa 9, nazo zinapanda hadi 14: pH inashuka kwa 0.22. Upande mmoja ukiwa haba, badiliko dogo huupindua uwiano. Ndiyo sababu uwezo wa bafa huwa mkubwa kabisa kwenye pKa.

Basi tuchague HEPES, yenye pKa karibu 7.5, kwa kipimo cha pH 7.5. Tuseme kimeng'enya kitamwaga milimola 1 ya asidi kwa lita. Bafa ya milimola 5 ina besi 2.5, zinabaki 1.5 dhidi ya asidi 3.5, na pH inaanguka hadi 7.13. Bafa ya milimola 50 inabaki 7.47.

Mbona basi tusiweke milimola 500? Kwa sababu chumvi nyingi hubadili mwenendo wa kimeng'enya, na baadhi ya bafa, kama fosfati, hushika madini ambayo vimeng'enya vingine huyahitaji. Pima kasi ya mwanzo kwa milimola 25, 50 na 100, kisha pima pH kabla na baada. Chagua kiwango kidogo kabisa kinachoishikilia pH bila kuigusa kasi.

Mwaka 1949 Michel alichapisha njia iliyogeuza mambo: alitumia bafa hafifu makusudi, akasoma kasi ya kimeng'enya hiki hiki kwa jinsi pH ilivyoshuka kwa saa.