Mshika Mbili wa Masikioni

Jioni moja nilikuwa nimekaa barazani na kompyuta mpakato mapajani, hedifoni ndogo zisizo na waya masikioni, dada yangu akanitumia ujumbe wa sauti kwa WhatsApp. Nikaubonyeza kwenye simu. Alama ya sauti ikaanza kutembea, sekunde zikahesabika mpaka mwisho, na sikusikia hata neno moja. Nikaurudia, kimya tena. Nikazirudisha hedifoni kwenye kikasha chake, nikazitoa, nikazima Bluetooth ya simu na kuiwasha. Bado kimya.

Nilipogeukia kompyuta ndipo nikaona chanzo. Kulikuwa na video niliyokuwa nikiitazama mchana, ambayo nilishusha sauti yake hadi sifuri nikaendelea na kazi nyingine. Nilishusha sauti tu, video yenyewe sikuisimamisha. Nikaisimamisha, nikabonyeza ujumbe wa dada kwa mara ya tatu, na sauti yake ikaingia masikioni mara moja.

Hedifoni zangu ni za aina inayoitwa multipoint, yaani zinaweza kuunganishwa na vifaa viwili kwa wakati mmoja. Wengi tunanunua za namna hii ili tuhame kati ya simu na kompyuta bila kuunganisha upya kila mara. Tunachokosea ni kudhani kwamba zinasikiliza vifaa vyote viwili sawasawa. Kwa kawaida hazifanyi hivyo. Zinashika miunganisho miwili, lakini sauti inayofika sikioni hutoka upande mmoja tu kwa wakati mmoja.

Nani basi anapewa nafasi? Kanuni ya kwanza ni kwamba simu ya kuzungumza huushinda muziki. Ukiwa unatazama video kwenye kompyuta na mtu akakupigia, hedifoni huiacha video, hukuletea mlio, na ukimaliza mazungumzo hurudi zilikokuwa. Kanuni ya pili ndiyo iliyoniponza. Muziki, video na ujumbe wa sauti wa WhatsApp vina daraja moja, na kwenye hedifoni nyingi aliyetangulia hushikilia nafasi mpaka asimame. Kwa masikio yetu ujumbe wa dada ni mazungumzo, lakini kwa hedifoni ni sawa na wimbo tu. Na video iliyoshushwa sauti bado inatuma mkondo wake, ila mkondo huo hauna kitu ndani. Hedifoni hazijui kwamba ni kimya. Zinachojua ni kwamba kompyuta bado inacheza. Zipo aina ambazo humpa nafasi aliyebonyeza mwisho, kwa hiyo zijaribu zako mwenyewe: cheza wimbo kwenye kompyuta, kisha cheza mwingine kwenye simu, usikilize nani anashinda.

Kabla ya hapo, hakikisha muunganisho huo wa pande mbili upo kweli. Karibu hedifoni zote hukumbuka vifaa kadhaa, na mtu akiona jina la hedifoni zake kwenye simu na kwenye kompyuta huamini kazi imekwisha. Lakini kukumbukwa si kuunganishwa. Kwanza fungua programu ya mtengenezaji kwenye simu uwashe multipoint, kwa sababu mara nyingi huja ikiwa imezimwa. Oanisha hedifoni na simu. Kisha ziweke tena katika hali ya kuoanisha, kwa kushikilia kitufe chake au cha kikasha kwa sekunde kadhaa mpaka taa imetemete, na uzioanishe na kompyuta. Mwisho rudi kwenye simu, nenda kwenye orodha ya Bluetooth, uguse jina lake, kwa maana simu huenda iliachwa wakati kompyuta ikiingia. Sasa tazama skrini zote mbili kwa pamoja. Zote zikisema zimeunganishwa, umefaulu. Moja ikijitoa kila nyingine inapoingia, ama multipoint haijawashwa, ama hedifoni zako hazina uwezo huo.

Hilo la mwisho ni la kuulizia dukani kabla ya kulipa. AirPods za Apple, kwa mfano, huhama zenyewe kati ya iPhone na Mac zinazotumia akaunti moja, lakini huo ni utaratibu wa Apple na vifaa vyake. Mwenye simu ya Android na kompyuta ya Windows hataupata.

Shida ya pili kubwa huja wakati wa mikutano. Unasikiliza muziki safi kwenye kompyuta, unaingia kwenye kikao cha Zoom, na ghafla sauti za wenzako zinakuwa kama zinatoka ndani ya pipa. Hedifoni hazijaharibika. Bluetooth ya kawaida ina njia mbili za sauti. Moja, A2DP, ni ya kusikiliza tu, na hubeba sauti iliyojaa. Nyingine, HFP, ni ya mazungumzo: hupeleka sauti yako na kuleta ya mwenzako, na kwa kuwa inabeba pande zote mbili, kila upande hupata kidogo. Muziki kwa kawaida hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, ilhali kwenye njia ya mazungumzo ni mara 16,000, na kwenye vifaa vya zamani 8,000. Programu ya mkutano ikifungua maikrofoni ya hedifoni, kila kitu huhamia njia hiyo nyembamba.

Dawa yake ni rahisi. Kwenye mipangilio ya sauti ya Zoom, acha hedifoni ziwe spika, lakini chagua maikrofoni ya kompyuta yenyewe. Utasikia vizuri, nao watakusikia vizuri ikiwa chumba kimetulia.

Hapo kuna mtego ambao ni vema uujue mapema. Ukitumia maikrofoni ya kompyuta, hedifoni hazijui tena kwamba uko mkutanoni. Kwao mkutano umekuwa kama video. Dada akipiga simu, kanuni ya kwanza inafanya kazi yake: mlio unachukua masikio yako na maneno ya mwenyekiti yanakatika. Ukipokea, kwako mkutano umenyamaza, lakini maikrofoni ya kompyuta bado iko wazi. Wenzako wote wanakusikia ukimwuliza dada kama mama ameshatoka hospitali. Kwa hiyo funga maikrofoni ndani ya Zoom kwanza, ndipo upokee. Kama mkutano ni wa maana na hutaki kukatizwa kabisa, fungua orodha ya Bluetooth kwenye simu ukate muunganisho wa hedifoni kwa saa hiyo. Simu italia yenyewe mezani, na masikio yako yatabaki kikaoni.

Kuna gharama nyingine ndogo. Kwenye baadhi ya hedifoni, kuwasha multipoint huzuia ile sauti ya kiwango cha juu kabisa. WH-1000XM4 za Sony, zilizotoka mwaka 2020, haziwezi kutumia LDAC zikiwa zimeshika vifaa viwili. Mwenye kusikiliza muziki kwa makini huzima multipoint jioni na kuiwasha asubuhi ya kazi.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, na hedifoni hizi zinaishi ndani ya methali hiyo. Siku hizi ujumbe wa dada ukiingia nikiwa kwenye kompyuta, sishushi sauti. Nabonyeza kitufe cha nafasi video isimame, nasubiri sekunde mbili, ndipo naugusa ujumbe. Sauti yake inaanza na neno la kwanza kabisa, jina langu.