Kahawa na Madoa ya Meno

Karani aendaye kazini na chupa ya themosi hujimiminia kahawa saa mbili asubuhi, akakiweka kikombe kando ya makaratasi yake, na kupiga funda moja moja mpaka saa sita. Kahawa yote aliyokunywa haizidi vikombe viwili. Hata hivyo, baada ya miezi kadhaa hujitazama katika kioo akaona rangi ya hudhurungi baina ya meno yake na kando ya ufizi. Hapo hukata shauri ama aiache kahawa, ama ayasugue meno kwa majivu. La kwanza si lazima, na la pili lina hasara.

Sababu ya madoa hayo ni hii. Jino lililosafishwa halikai tupu. Muda mfupi baada ya kupigwa mswaki, mate huliwekea utando mwembamba usioonekana kwa macho. Utando huo hulilinda jino, lakini ndio pia unaoshika rangi ya kahawa. Mtu akinywa na kumaliza, mate hupata nafasi ya kuuosha mdomo. Akiwa anapiga funda kila baada ya dakika chache, rangi huletwa upya kabla ile ya kwanza haijaondoka. Kwa hiyo jambo kubwa ni muda ambao kahawa hukaa mdomoni, kuliko wingi wa vikombe.

Karani yule anaweza kunywa vikombe vyake viwili kama kawaida, ila kwa utaratibu mwingine. Apige mswaki mara aamkapo, kabla ya kunywa kitu, ili uchafu wa usiku usiwepo kuishika rangi. Kikombe cha kwanza akinywe kwa dakika kumi, kisha asukutue kwa maji safi mara mbili au tatu. Cha pili akinywe vivyo hivyo wakati wa mapumziko. Badala ya saa nne, meno yake yatakuwa katika kahawa kwa dakika ishirini tu. Akipenda maziwa, ayatie, kwa maana protini ya maziwa hushika sehemu ya vitu viletavyo rangi. Lakini asihamie chai ya rangi akidhani ameepuka, kwani chai nayo hutia madoa.

Haifai kupiga mswaki mara tu baada ya kikombe. Kahawa ina uchachu kidogo, na ni afadhali kungoja nusu saa hivi, mate yapate kuuondoa. Usiku apige mswaki tena, kwa dawa ya meno yenye floraidi na mswaki wa nywele laini.

Majivu, mchanga na makaa yaliyosagwa huondoa doa kweli, na ndiyo maana watu huyasifu. Lakini pamoja na doa huondoa ganda gumu la jino, nalo likiisha halioti tena. Chini ya ganda hilo kuna sehemu ambayo kwa asili yake ni ya manjano. Basi kadiri mtu anavyosugua kwa nguvu, ndivyo manjano hiyo inavyojitokeza, naye huongeza kusugua. Dalili ya hasara hiyo ni jino kushtuka kwa maji baridi.

Yako madoa yasiyotoka kwa mswaki. Mtu akipitisha ulimi nyuma ya meno ya mbele ya chini, akasikia kitu kinachokwaruza, huo ni ukoga uliokwisha kuwa mgumu kama jiwe. Hupatikana sana mahali hapo kwa sababu mifereji ya mate hufunguka chini ya ulimi. Ukoga huo hunywa rangi upesi, nao huondolewa na daktari wa meno kwa vyombo vyake. Asijaribu mtu kuubandua kwa kisu au sindano.

Tena si kila hudhurungi ni ya kahawa. Katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa, kama vile Nakuru na Naivasha, maji ya baadhi ya visima yana floraidi nyingi kupita kiasi, na watoto wayanywao huota meno ya kudumu yenye mabaka meupe au ya hudhurungi. Rangi hiyo imo ndani ya jino lenyewe, hufanana upande wa kulia na wa kushoto, na mwenyewe amekuwa nayo tangu utotoni. Kuacha kahawa hakutaipunguza, wala kusugua. Na jino moja likiwa jeusi peke yake kati ya meno meupe, huenda limeoza au limekufa ndani. Huyo asingoje, aende kwa daktari wa meno.

Lakini doa lililoanza ukubwani, likakaa baina ya meno na kando ya ufizi, huelekea kuwa la kahawa au chai. Mwenye doa hilo aanze na maji ya kusukutua baada ya kila kikombe.