Sanduku la Elektroni Kumi na Mbili

Chembe chache za kriptosianini zikiyeyushwa katika methanoli hugeuza chupa nzima kuwa buluu. Molekuli zake hufyonza mwanga mwekundu, na mwanga unaobaki ndio unaofika jichoni. Ukiipitisha chupa hiyo kwenye spektrofotomita, chombo kinachopima mwanga uliopungua kwa kila urefu wa wimbi, mchoro unapanda hadi kilele kirefu karibu na nanomita 706. Hapo ni ukingoni kabisa mwa wekundu ambao jicho la binadamu huuona. Kinachonishangaza hadi leo ni kwamba namba hiyo unaweza kuipata kwa penseli bila kuigusa chupa. Unachohitaji kujua ni mambo mawili: mnyororo wa molekuli una urefu gani, na unabeba elektroni ngapi.

Mmoja wa walioionyesha njia hiyo ni mkemia wa Uswisi, Hans Kuhn, mwaka 1948. Rangi zenyewe zilikuwa za kale. Sianini ya kwanza ilitengenezwa na Mwingereza Charles Greville Williams mwaka 1856. Haikufaa kwa vitambaa, maana ilipauka upesi ikipigwa na mwanga. Baadaye jamii hiyo ya rangi ilipata kazi yake kwa wapiga picha: kuzifanya sahani za picha zihisi rangi ambazo chumvi za fedha peke yake hazizihisi. Kwa hiyo wakemia walikuwa na sianini nyingi na vipimo vyake, ila hawakuwa na hesabu nyepesi ya kueleza kwa nini kila moja inafyonza pale inapofyonza.

Itazame kriptosianini kama barabara yenye nitrojeni moja kila mwisho. Katikati kuna kaboni tisa: tatu ndani ya pete ya upande huu, tatu za daraja, na tatu ndani ya pete ya upande wa pili. Kila kaboni inatoa elektroni moja isiyotulia mahali pamoja. Nitrojeni mbili zinatoa tatu kwa jumla, kwa kuwa molekuli ina chaji chanya, yaani imepungukiwa elektroni moja. Jumla ni elektroni 12 zinazozunguka barabara nzima.

Sasa kumbuka waya wa gambusi. Umefungwa pande zote mbili, kwa hiyo hauwezi kutikisika kwa umbo lolote linalotaka. Unabeba tumbo moja la wimbi, au mawili, au matatu. Mawili na nusu hauwezi. Elektroni nayo ina tabia ya wimbi, na ikifungiwa kati ya kuta mbili inabanwa na sharti hilohilo. Tofauti ni kwamba nishati yake inapanda kwa mraba wa idadi ya matumbo: ngazi ya kwanza ni kipimo 1, ya pili ni 4, ya tatu ni 9. Kila ngazi inapokea elektroni mbili, basi. Elektroni zetu 12 zinajaza ngazi sita za chini, na ya saba iko tupu.

Mwanga unapofyonzwa, elektroni moja inaruka kutoka ngazi ya 6 hadi ya 7. Mraba wa 7 ni 49, mraba wa 6 ni 36, hivyo mruko huo unagharimu vipimo 13. Thamani ya kipimo kimoja inategemea urefu wa sanduku: ukiliongeza urefu, kipimo kinapungua. Kati ya atomi 11 za barabara yetu kuna vifungo 10. Kuhn aliongeza kifungo kimoja kila upande, kwa kuwa wimbi la elektroni halikatiki ghafla pale nitrojeni ilipo. Vifungo 12 vya nanomita 0.139 vinatupa sanduku la nanomita 1.668. Gawa 0.376 kwa mraba wa urefu huo, upate elektroni-volti 0.135 kwa kipimo kimoja. Zidisha kwa 13, unafika takriban 1.757. Gawa 1240 kwa namba hiyo: nanomita 706.

Nisingependa msomaji aiamini hesabu hii kwa sababu ya jibu moja. Kuongeza kifungo kimoja kila upande ni uamuzi wa mwenye kuhesabu, na uamuzi mwingine ungeleta jibu jingine. Jaribio lenye uzito ni kuubadilisha mnyororo bila kuigeuza kanuni. Ukiondoa kaboni mbili za daraja, zinabaki elektroni 10 katika sanduku fupi zaidi, na hesabu inatoa 579. Kipimo cha maabara ni karibu 590. Ukiongeza mbili, hesabu inatoa 832, na maabara inaonyesha kilele mahali kidogo juu ya 810. Hatua zinafuata mwendo mmoja, ingawa za maabara ni fupi kidogo.

Kuna na ndugu anayeasi. Pinasianini ina pete zilezile na daraja lilelile, lakini daraja limeshikwa kwenye kaboni iliyo jirani kabisa na nitrojeni. Barabara inabaki na kaboni tano, na hesabu inatoa 453, ilhali kilele chake kiko karibu na 605. Njia fupi kati ya nitrojeni mbili haisimulii habari yote: pete za pembeni nazo zinawapa elektroni nafasi. Wanaotumia kanuni hii hulirefusha sanduku kwa kiasi kinachopatikana kutokana na vipimo vyenyewe, na hapo utabiri umeanza kuazima majibu.

Hata maabara inaweza kupotosha. Mchuzi wa rangi ukiwa mzito, molekuli za sianini hushikana mbilimbili na kuchomoza bega upande wa mawimbi mafupi. Dawa ni kuuzimua na kupima tena. Bega linalopungua kuliko kilele ni la molekuli zilizoshikana. Linalobaki katika uwiano uleule ni la molekuli moja moja, linatokana na mtikisiko wa atomi zake.

Lakini kushindwa kunakofundisha zaidi ni kwa karoti. Beta-karotini, rangi ya karoti na ya mawese mekundu, ina mnyororo wa kaboni 22 na elektroni 22. Kwa kanuni ileile sanduku lina nanomita 3.2, na jibu ni nanomita 1465, mbali ndani ya infraredi. Ingekuwa hivyo, karoti isingekuwa na rangi ya chungwa. Kilele chake halisi kiko karibu na 450, kwenye buluu.

Sababu iko kwenye vifungo. Katika sianini chaji inaweza kuandikwa kwenye nitrojeni hii au ile kwa haki sawa, na vifungo vya katikati vinakaribiana urefu. Sakafu ya sanduku ni tambarare. Beta-karotini haina ulinganifu huo. Kifungo maradufu chenye nanomita 0.135 hivi kinafuatwa na kimoja chenye 0.145 hivi, kisha maradufu tena, hadi mwisho. Sakafu ina mawimbi, na mawimbi hayo yanapanua pengo kati ya ngazi ya mwisho iliyojaa na ya kwanza iliyo tupu. Kuhn aliyaingiza kwenye hesabu kwa nyongeza ya takriban elektroni-volti 2, ikizidishwa kwa (1 − 1/N), ambapo N ni idadi ya elektroni. Kwa beta-karotini nyongeza ni 1.91. Sanduku tupu lilikuwa limetoa 0.85. Jumla ni 2.76, na 1240 ikigawanywa kwa hiyo inatupa 449.